Mwimbaji wa Matone

Yaya alinionyesha ile video akiwa amesimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea, hakutaka hata kukaa. Yaya ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa sita sasa. Ndani ya simu yake alikuwa amekaa mwimbaji mkubwa, mtoto wa hapa Kisangani ambaye siku hizi anaishi Kinshasa. Shati la bluu, kipaza sauti mbele ya kidevu. Alisema sukari ilimtesa miaka minane na aliificha kwa watu wote, mpaka alipopata matone fulani yaliyomponya kwa wiki tatu. Kisha akasema neno lililonifanya niondoe mguu kwenye cherehani: anayekunywa matone aache vidonge vya hospitali, kwa sababu vidonge vinaua nguvu ya matone.

Nilimwuliza kama ameacha. Akasema bado.

Sikumwamini, na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanza. Jumapili nilimpelekea lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki nyumbani kwake, hapa hapa Mangobo. Alipotoka kuchota maji nikafungua kopo analowekea vidonge. Karatasi moja ya vidonge ilikuwa imebaki nusu. Jumatano nikarudi na sababu nyingine ya uongo, nikafungua tena. Nusu ileile. Nilifunga kopo kama mwizi. Sijasoma sana, niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, lakini kujua kwamba mtu anayepaswa kumeza kila siku hamezi hakutaki diploma.

Yaya mwenyewe alisema anajisikia vizuri. Alisema mwili umekuwa mwepesi, na kweli kitambaa cha kiuno alikuwa anakikaza kuliko zamani. Alisema matone yanasafisha, ndiyo maana anakwenda chooni mara nyingi na kutamani maji kila wakati. Mimi nilikuwa nakumbuka jinsi alivyokuwa kabla hawajamgundua ugonjwa mara ya kwanza: alikonda hivihivi, alikunywa maji hivihivi. Nilipomwambia alinitazama kana kwamba namwombea mabaya.

Lazima niseme na habari ya jirani anayeuza matone hayo, na niiseme kwa haki. Ni mama anayeuza mafuta ya mawese mita chache kutoka kwa Yaya. Aliona tangazo mtandaoni, akaandika kwa namba iliyokuwa chini ya video, akatuma pesa kwa simu, na chupa zikafika kweli, katoni nzima. Kwa hiyo hakuibiwa, na hakudhani kwamba anaiba. Hata mama yake mzazi alimpa matone hayohayo, bure. Mimi na jirani huyo tuligombana zamani juu ya zamu ya bomba la maji, na kila nilipofikiri ubaya wa matone yake nilijiuliza: huu ni ubaya wa matone au ni lile bomba? Mpaka leo siwezi kuapa kwamba bomba halikuwamo kabisa.

Bon, nikasema nitafute ushahidi. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba siku hizi kuna mashine inayochukua uso wa mtu maarufu na sauti yake, ikamfanya aseme asichosema, na kwamba mtu atazame mdomo. Nikamwomba Yaya anitumie video. Nikaitazama mdomo tu, mara ishirini labda. Nikaona meno yanayeyuka kama sabuni anapotamka maneno ya haraka. Midomo inafunga kabla ya neno kwisha. Nikaenda kwake mbio, nikamwonyesha kwa kidole, huku jirani naye amekaa pale anakunja majani ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo.

Yaya hakubishana. Alifungua video nyingine katika simu yake, ile ambayo kiongozi wa kwaya yetu alijirekodi akituarifu siku ya mazoezi. Imetumwa kutoka simu hadi simu mpaka imechoka. Akainyanyua mbele ya macho yangu.

"Tazama mudomo wa huyu," akasema. "Huyu naye iko wa mashine? Alikula kwako juzi."

Meno ya kiongozi wetu yalikuwa yanayeyuka vilevile. Jirani alicheka mpaka majani yakamwanguka. Nilirudi nyumbani na aibu, na aibu ile ilikuwa na haki yake: video iliyopita katika simu nyingi inapoteza usafi, ya kweli na ya uongo sawasawa. Mdomo peke yake ulikuwa haunipi kitu.

Nikaacha mdomo, nikaanza kutazama mengine. Kwanza, video imetoka wapi? Jirani alinionyesha ukurasa ule, sitamnyima sifa hiyo, hakuficha. Ulikuwa na picha ya mwimbaji na jina lake, lakini ulikuwa umefunguliwa mwezi uliopita tu. Hapakuwa na wimbo hata mmoja, na nafasi ya watu kuandika maoni ilikuwa imefungwa. Ukurasa wa mwimbaji mwenyewe, ule wa miaka mingi wenye nyimbo na harusi na wafuasi wasiohesabika, ulikuwa kimya kuhusu matone. Mtu aliyepona ugonjwa wa miaka minane, mbona anakwenda kushukuru Mungu katika nyumba ngeni? Nikamwandikia katika ukurasa wake. Sikujibiwa. Watu kama elfu walikuwa wanamwandikia siku hiyohiyo, sikumlaumu.

Nikanunua mega za intaneti, nikaanza kushuka katika ukurasa huo wa zamani, video moja baada ya nyingine, nikishona mchana na kutazama wakati wa kula. Siku ya tatu nikaliona shati la bluu. Kiti kilekile, kipaza sauti kilekile. Lakini hapo alikuwa anaongea juu ya tamasha na wapiga ngoma wake, hakuna sukari wala matone, na video ilikuwa ya mwaka juzi.

Nilitaka kukimbia kwa Yaya, halafu nikajizuia. Mtu anaweza kukaa siku moja katika kiti kimoja na shati moja akaongea mambo mawili. Mimi mwenyewe nimepigwa picha nne katika kitenge kimoja. Nikaazima simu ya pili kwa mteja aliyekuja kuchukua sketi, nikaziweka mbili sambamba juu ya meza ya kukatia na kuzianzisha pamoja. Mkono wa mwimbaji ulipanda pamoja katika simu zote mbili. Akakuna sikio pamoja. Na nyuma yake, katika ile ya tamasha, mwanamke wa gauni la manjano akapita amebeba kiti cha plastiki, kiti kikagonga ukuta, akageuka kuomba radhi. Katika ile ya matone akapita yuleyule, kiti kikagonga palepale, akageuka vilevile. Mteja wangu akasema polepole kwamba kiti hakigongi ukuta mara mbili namna moja.

Nilikwenda kwa Yaya nikiwa na uhakika, kwa mara ya kwanza. Alitazama zote mbili kwa makini, kiti na gauni na yote. Alikubali kwamba ni picha moja. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Donc, moja ni ya uongo. Nani alikuambia ni hii yangu? Labda maneno ya kweli ni ya sukari, na wakubwa wake wakayafuta, wakaweka ya tamasha."

Nikamwonyesha tarehe: ya tamasha iliwekwa mwaka juzi. Akasema tarehe nayo imeandikwa na mashine, na mimi ndiye ninayehubiri kwamba mashine inadanganya. Nilijua hana haki, lakini sikuweza kulisema jambo lenyewe kwa namna ya kumfunga mdomo, na nilimheshimu kwa swali lile kuliko nilivyojiheshimu mimi kwa jibu langu. Ndipo akasema mwenyewe, kwa uchovu, kwamba kama mwimbaji angemwambia kwa kinywa chake, angesikia. Wakati huohuo alikuwa anajikanda unyayo. Alisema hauusikii vizuri tangu asubuhi, kama umelaliwa.

Kisangani ni mji mkubwa, lakini si mkubwa kiasi cha mtu kukosa kujua ndugu wa mtu maarufu wanaishi wapi. Mwimbaji alilelewa ng'ambo ya mto, Lubunga, na mama mdogo wake, dada wa marehemu mama yake, na mama huyo bado yupo palepale. Kila mtu anajua, ila hakuna anayekwenda. Nikamwambia Yaya twende. Nilidhani atakataa. Akavaa viatu.

Tulivuka kwa mtumbwi asubuhi. Yaya alikunywa chupa nzima ya maji kabla hatujafika katikati ya mto, akaomba na yangu. Ng'ambo tukapanda toleka mbili, baiskeli zikatupeleka mpaka kwenye nyumba ya matofali yenye shamba dogo la muhogo nyuma.

Mama mdogo wa mwimbaji alikuwa anamenya makemba, ndizi za kupika. Ni mama mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto ng'ambo ya shamba. Alitupa viti. Nilianza kwa kuzunguka, kama adabu inavyotaka, habari za nyumbani, za mto, za mvua. Yaya hakuweza kungoja. Alitoa simu, akacheza video, akauliza: huyu ni mwanao?

Mama alifuta mikono, akashika simu, akatazama mpaka mwisho.

"Iko yeye," akasema. "Mwanangu ninamujua hata akiwa amefunikwa kichwa."

Yaya aligeuka akanitazama. Nilihisi dunia inanicheka, mto na makemba na vyote. Nilikuwa nimemvusha dada yangu mgonjwa maji yote yale ili aje kusikia kwa ndugu wa damu kwamba video ni ya kweli. Nikafikiri: labda ni kweli basi. Labda mimi ndiye mtu asiyependa watu wapone.

Lakini mama yule hakuwa na furaha, nami jambo hilo nililishika. Mtu ambaye mwanawe amepona ugonjwa mkubwa hafungi uso hivyo. Nikamwuliza kwa upole kama mwanawe alimpa habari za kupona. Akamenya ndizi mbili kabla ya kujibu. Alisema aliiona video hiyo wiki nyingi zilizopita, mtu wa soko alimletea. Alisema alimlea mtoto yule tangu hajaota meno, akamwosha, akamwuguza surua, na leo mtoto anaugua miaka minane, mama anakuja kusikia pamoja na wauza dagaa.

"Ulimpigia?" Yaya akauliza.

"Mimi? Aliyeficha ndiye anapiga. Mimi niko hapa."

Hapo nikaelewa, na nilitamani kucheka na kulia. Kwetu mkubwa aliyekosewa hafuati mkosaji, anangoja aje na maneno yake. Mama huyu alikuwa na namba ya mwanawe ndani ya simu iliyolala pale mbele ya mfuko wa chumvi, na kwa wiki nyingi hakuwa ameibonyeza kwa sababu ya heshima. Na mwanawe kule Kinshasa hakujua kwamba amenuniwa. Uongo ule ulikuwa umekaa katikati yao umetulia, hakuna anayeugusa.

Sikuweza kumwambia mkubwa kwamba anakosea kununa. Nilimwomba tu ahesabu pamoja nami: miaka minane iliyopita, mwanao alikuwa wapi? Alifikiri. Alisema mwaka huo alikuwa bado hapa, analala chumba kile, alihamia Kinshasa baadaye. Nikamwuliza alikuwa anakula na kunywa nini. Mama akainua kisu.

"Chai. Sukari vijiko sita. Nilimpigia kelele kila asubuhi. Na alipochunwa mguu kwa pikipiki, kidonda kilipona kwa wiki moja. Mutu wa sukari hafanyi hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa nayo, kidonda chake kilikaa mwaka."

Aliweka kisu chini. Alichukua simu yake, akavaa miwani, akabonyeza. Iliita muda mrefu, ikakatika. Yaya akapumua kama mtu aliyeokoka. Kisha simu ikaita yenyewe, namba ileile, na mama akaweka sauti nje ili tusikie.

Hakusalimu. Alimwuliza tangu lini anaugua sukari. Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayecheka kwa uchungu. Alisema hata yeye ameiona, kwamba ziko nne sasa, moja ya matone na moja ya dawa ya macho, na mbili za kuweka pesa zizae. Watu wake wanaandika malalamiko, ukurasa unafutwa, kesho unafunguliwa mwingine kwa jina lingine. Alisema hana sukari, hajawahi kuyaona matone hayo, alidhani nyumbani hakuna atakayeamini.

Yaya aliinama karibu na sikio langu.

"Na hii sauti?" akanong'ona. "Si ulisema sauti inatengenezwa?"

Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mimi mwenyewe, na sasa yalinirudia. Kwa wiki nzima nilimfundisha kushuku, na mwanafunzi alikuwa ameelewa. Lakini mama mdogo alikuwa na masikio mazuri kuliko tulivyodhani. Alitutazama juu ya miwani.

"Hakunipigia mutu nisiyemujua," akasema. "Mimi ndiye nilianza, kwa namba yake niliyoiandika kwa mkono wangu siku anaondoka. Na bado nitamujaribu." Akarudi kwenye simu. "Weye. Siku ya ubatizo wako, nani alianguka mtoni?"

"Wewe," sauti ikasema. "Na sufuria ya mboga ya pondu. Na ulinikataza nisiseme mbele ya watu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaanza kumtukana mwanawe kwa mapenzi, kwa nini hakupiga yeye kwanza kumwonya, na yeye naye akawa anauliza kwa nini mama alinuna bila kumwambia. Tulitoka kidogo kuwaacha. Tuliporudi macho ya mama yalikuwa na maji, na makemba yalikuwa bado hayajawekwa motoni.

Alimpa Yaya simu. Sikuomba, wala sikuwa nimefikiria kuomba. Mwimbaji alimsalimu kwa heshima, akamwuliza kama ameacha dawa zake. Yaya alinitazama, akatazama shamba la muhogo.

"Siku kumi na mbili," akasema.

Mimi nilikuwa nimehesabu nane. Alimwambia mtu asiyemjua, katika simu ya watu, kitu ambacho hakuniambia mimi niliyefungua kopo lake kwa siri. Nilistahili. Mwimbaji alimsihi aende kwa muuguzi leo hii, asingoje kesho, na asirudie vidonge kwa kukisia, muuguzi apime kwanza. Halafu akasema jambo ambalo bado linanisumbua. Alisema anaomba msamaha. Yaya akamwambia hana kosa, kosa ni la uso wake.

Tulivuka kurudi. Tulipofika kwenye gati upande wetu nilitaka kumwitia pikipiki ya kwenda nyumbani, akasema hapana, kituo cha afya kwanza, kabla hajabadilisha mawazo. Alitembea akiburuta ule mguu. Hakuniruhusu nimshike.

Kituoni kulikuwa na foleni kama kawaida. Sipendi kuwasema vibaya, wauguzi ni wawili kwa watu wote wale, lakini ni kweli kwamba mtu hukaa pale tangu asubuhi, na siku nyingine vidonge vimekwisha, na mwimbaji wa shati la bluu hana foleni. Nikiwa mgonjwa mimi, na nimechoka kama Yaya, sijui ningemsikiliza nani. Nilitaka kumwambia hivyo. Sikupata namna.

Tulikaa kwenye benchi pamoja na mama mmoja mwenye mtoto wa homa. Yaya aliitoa ile chupa ya matone mfukoni, akaigeuza. Lebo ya kijani, picha ya jani, hakuna jina la aliyetengeneza wala mahali ilipotengenezwa. Alisema itabidi ampelekee muuguzi aione, na kwamba jirani ataambiwa na yeye mwenyewe, si mimi. Alilisema hilo mara mbili. Alijua habari ya bomba kuliko nilivyodhani.

Zamu yake ilipofika nilisimama ili niingie naye. Akanirudisha kwa kiganja. Mlango ulibaki wazi kidogo, nikamwona amekaa, amenyoosha kidole kwa muuguzi, ametazama pembeni kama anavyofanya tangu utoto akiona sindano. Muuguzi akasoma namba katika kile kimashine, akaisoma tena, akainua kichwa na kumwuliza ni tangu lini sukari imepanda hivi.

Yaya akaanza kueleza, tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi.